Chaji kwenye kona ya mchemraba

Chaji ya nukta imewekwa kwenye kona ya mchemraba. Ni kiasi gani cha mistari ya uga wa umeme, yaani fluksi, kinachopita katika uso mmoja? Wengi hukimbilia kugawa kwa sita, kwa kuwa nyuso ni sita. Hilo lingefaa chaji ikiwa katikati.

Panga michemraba minane inayolingana, mbili kwa mbili kwa mbili, ili kona zake zikutane penye chaji. Sasa chaji imezungukwa pande zote, na kanuni ya Gauss yasema fluksi yote ni q/ε₀. Michemraba haina upendeleo, hivyo kila mmoja hupata q/8ε₀.

Hapa ndipo penye mtego. Nyuso tatu zinazogusa kona ya chaji hazipitishi kitu: mistari huambaa juu yake bila kuzitoboa. Zilizobaki tatu, zilizo mbali, zinafanana kabisa, kwa hiyo hugawana sawasawa: q/24ε₀ kila moja.

Kwa chaji ya nanokulombi 1, q/ε₀ ni takriban 113 N·m²/C. Uso mmoja wa mbali hupata 4.7 hivi, hata mchemraba uwe mkubwa kama nyumba.