Mistari Miwili Haijamaliza Habari

Tone la damu linachukuliwa kwenye ncha ya kidole, linawekwa kwenye kifaa kidogo cha plastiki, kisha linaongezewa matone ya dawa maalumu. Baada ya dakika chache mistari inajitokeza. Mstari wa kwanza, wenye alama C, unaonyesha tu kwamba kifaa kimefanya kazi. Usipotokea, kipimo hicho ni batili na kinarudiwa. Mstari wa pili, wenye alama T, ndio ambao kila mtu huusubiri kwa moyo wa wasiwasi.

Mstari huo hauonyeshi virusi vyenyewe. Vipimo vya haraka vinavyotumika katika vituo vingi vya afya hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ili kupambana na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo mstari ukitokea au usipotokea, swali lililojibiwa ni hili: je, leo damu hii ina kingamwili za kutosha kuonekana?

Tuchukue mfano wa kijana ambaye kondomu ilimpasukia Machi 1, akiwa na mwenzi asiyejua hali yake. Machi 15 anakwenda kupima na majibu yanatoka hasi. Anashusha pumzi. Lakini mwili huchukua wiki kadhaa kutengeneza kingamwili za kutosha, na kwa baadhi ya watu hufika miezi mitatu. Muda huo ndio huitwa kipindi cha dirisha. Majibu yake ya Machi 15 yanasema mengi kuhusu maisha yake ya kabla ya Desemba, ila kuhusu usiku ule wa Machi 1 bado hayajasema lolote la uhakika. Anatakiwa kurudia kipimo siku 90 zikishapita, yaani kuanzia Mei 30. Akijiweka tena katika hatari Aprili, hesabu inaanza upya kutoka tarehe hiyo.

Kuna jambo zito zaidi hapa. Katika wiki za mwanzo virusi huwa vingi sana kwenye damu, hivyo mtu mwenye majibu hasi ndani ya dirisha anaweza kumwambukiza mwenzake kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote. Ndiyo maana mshauri nasaha husisitiza kondomu mpaka kipimo cha pili kifanyike. Na kama kijana huyu angefika kituoni ndani ya saa 72 baada ya tukio, angeweza kupewa dawa za dharura za kuzuia maambukizi, ambazo humezwa kwa siku 28.

Sasa tuseme mstari wa pili umetokea. Kwa nini mhudumu hamwambii mtu papo hapo kwamba ana VVU? Jibu limo kwenye hesabu. Chukua watu 1,000 waliokuja kupima, na 10 kati yao wana maambukizi. Kipimo kizuri kitawabaini wote 10. Lakini hata kipimo kinachokosea mara moja tu kwa kila watu 100 wasio na virusi kitawaonyesha watu kama 10 wengine kuwa chanya kimakosa. Mistari miwili imetokea kwa watu 20, na nusu yao hawana VVU.

Kosa hilo linaweza kutokana na kingamwili za ugonjwa mwingine zilizofanana na zinazotafutwa, au majibu kusomwa baada ya muda uliowekwa kupita. Kurudia kipimo kilekile huenda kukarudia kosa lilelile. Kwa hiyo damu hupimwa kwa kipimo cha aina nyingine, kilichotengenezwa tofauti, ambacho si rahisi kidanganywe na kitu kilekile. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zote zithibitishe kwa vipimo vitatu tofauti, vyote vikiwa chanya, kabla ya kumwambia mtu kuwa ana VVU. Viwili vikiwa chanya na cha tatu kikakataa, majibu husemwa hayajathibitika na mtu hutakiwa kurudi baada ya siku 14.

Utaratibu huohuo unawahusu wanaojipima nyumbani kwa ute wa fizi. Mistari miwili hapo ni sababu ya kwenda kituoni kuthibitisha. Haitoshi mtu kuvunja ndoa wala kuanza dawa. Na anayetumia dawa za kufubaza virusi asijipime ili kuona kama amepona, kwani dawa zinaweza kufanya kipimo kisome hasi huku virusi vingali mwilini.

Ukipima, usiondoke kabla ya kuuliza maswali mawili. Kama ni hasi: nirudi tarehe ngapi, tukihesabu kutoka siku niliyojiweka hatarini? Kama ni chanya: je, vipimo vyote vya uthibitisho vimekamilika? Vikikamilika na vyote vikakubaliana, anza dawa mapema, siku hiyohiyo ikiwezekana.