Nani alipiga J.R. risasi? Sababu gani seri inakata hadisi njiani

Umetoka ku ekipi ya usiku, umelala kidogo, umekula, na magaribi unakaa pamoja na bibi na watoto mbele ya televizyo. Ni epizode ya mwisho ya sezoni. Tangu miezi mingi nyumba nzima inafuata ile habari. Mutu mwenye kubeba hadisi yote anafungua mulango, bunduki inalia, anaanguka chini, na majina ya waigizaji yanaanza kupanda mu ekra. Mutoto anauliza: "Papa, alikufa?" Weye pia haujue. Bibi anakasirika: "Banatuchezea tu! Sasa tutangojea mupaka lini?"

Mama iko na haki, wanatuchezea. Lakini wanatuchezea kwa hesabu, na ile hesabu mutu anaweza kuijua. Kwa kuielewa tuchukue seri moja tu, ile iliyofundisha zingine kazi hii: Dallas, ya televizyo ya Amerika CBS. Tangu 1981 Wafaransa waliionyesha ku TF1, na wazee wengi wanaosoma gazeti hii wanajua jina la J.R.

Kwanza tuone namna kazi ilikuwa inapangwa. Ku Amerika, wakati ule, seri ilikuwa inaanza mwezi wa kenda ao wa kumi na inaisha kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Kisha pale hakuna epizode mupya kwa miezi mine, mitano, wanarudilia tu za zamani. Televizyo inaishi na matangazo ya biashara, na bei ya tangazo inafuata hesabu ya watu wanaoangalia. Hatari iko mu ile miezi ya katikati. Jamaa iliyozoea Dallas kila ijumaa inaweza kuzoea kitu kingine, na mwezi wa kenda hairudie tena. Njo maana mwandishi anaacha kazi katikati, sawa ekipi moja inayoachia ingine kazi ambayo haiwezi kulala vile. Mutu aliyeona hadisi imeisha vizuri anafunga televizyo na anasahau. Aliyeachiwa ulizo anatembea nayo ku soko, ku kazi na ku kanisa.

Sasa tuje ku Dallas yenyewe. J.R. Ewing, aliyechezwa na Larry Hagman, ni tajiri wa petroli mu Texas, mutu wa werevu mubaya. Sezoni ilikuwa inaelekea ku mwisho wake wakati CBS iliomba epizode zingine za kuongeza, sababu watu walikuwa wanaipenda sana. Waandishi walipaswa kutafuta mwisho mwingine, na wakaamua: tumupige J.R. risasi.

Lakini tazama vile waliitayarisha. Mbele ya risasi kulia, J.R. alikuwa amekosea karibu kila mutu. Alijua visima vyake vya petroli vya Asia vitachukuliwa na serikali ya kule, naye akauzia rafiki zake wa banki na wa petroli sehemu ya vile visima mbele habari haijatoka. Wao wakapoteza feza zao zote. Hiyo neno ya serikali kuchukua mali ya kampuni, wazee wetu wanaijua tangu siku za Union Minière, hawana lazima ya kuelezewa. Bibi yake Sue Ellen, J.R. alitaka kumurudisha ku hospitali ya walevi. Kristin, mudogo wa Sue Ellen, alikuwa bibi wa kando wa J.R., naye akataka kumufukuza mu muji. Cliff Barnes, adui wa jamaa, alikuwa na sababu zake pia.

Tarehe 21 mwezi wa tatu 1980, J.R. iko peke yake usiku mu biro yake. Anasikia mutu, anatoka kuangalia, risasi mbili zinalia, anaanguka. Kamera haikuonyesha mukono ya nani. Njo pale sezoni ikaisha.

Hapa kuna kitu cha kwanza cha kushika. Hawakuacha ulizo moja, waliacha mbili. Ya kwanza: atapona ao atakufa? Ya pili: nani alimupiga? Ya kwanza ni ya moyo, ya pili ni ya akili. Ile ya moyo inachoka upesi. Lakini ile ya akili watu wanaweza kubishana nayo miezi mizima, sababu wametayarishiwa majina sita, saba, na kila jina iko na sababu yake. Mupaka watu walicheza feza juu ya jina la muuaji. Kama waandishi wangemupiga J.R. bila kutayarisha maadui, watu wangeuliza tu "alikufa?" na kisha wangelala.

Kulikuwa pia hesabu ya ndani, ya mushahara. Hagman aliona seri inatembea juu ya mugongo wake, naye akaomba wamuongezee feza nyingi. Mutu wake wa hadisi alikuwa mu damu chini ya meza. Kwa ile damu, pande zote mbili zilikuwa na nguvu. Wakubwa waliweza kusema: ukikataa, J.R. amekufa. Hagman naye aliweza kusema: Amerika nzima inangojea kuona kama niko muzima, mutaweza kuendelea pasipo miye? Alishinda yeye, wakamulipa. Kila mara ukiona mwigizaji mukubwa ameachwa kati ya uzima na kifo ku mwisho wa sezoni, ujue kwamba pengine kuna kontra ambayo haijatiwa sinyatire.

Kisha ikaja grevi. Tangu mwezi wa saba mupaka wa kumi 1980, waigizaji wa Amerika waliacha kazi, walikuwa wanaomba sehemu yao ya feza ya kaseti za video na ya televizyo za kulipia. Dallas haikuweza kurudi ku wakati wake. Watu wakangojea miezi karibu munane. Kwa kulinda siri, walipiga filme ya watu mbalimbali, kila mumoja akimupiga J.R. risasi, ili hata wafanya kazi wa seri wasijue ile ya kweli ni gani.

Sezoni mupya ilianza tarehe 7 mwezi wa kumi na moja. Uangalie sasa namna walifungua. Ulizo ya kwanza, atapona ao hapana, walianza kuijibu palepale: J.R. iko muzima, lakini miguu haifanye kazi. Ulizo ya pili waliivuta mupaka epizode ya ine. Katikati walitupa jibu la uongo: Sue Ellen alionekana kuwa muuaji, pistole ilikuwa na alama za vidole vyake, akakamatwa. Mulevi yule hakukumbuka hata kitu. Ku musaada wa munganga wake akaanza kukumbuka ile usiku, na ile kukumbuka ikamupeleka kwa mudogo wake. Tarehe 21, mbele ya J.R. mwenyewe, Kristin akakubali. Akaongeza kwamba iko na mimba ya J.R., na kama anamutia mu kifungo, mutoto atazaliwa mule. J.R. akanyamaza, akamuacha aende.

Ile usiku, zaidi ya Waamerika milioni 80 walikuwa wanaangalia. Mu televizyo 100 zilizowashwa ile saa, 76 zilikuwa ku Dallas.

Hii njo desturi ya kufungua sezoni tangu pale. Kifo ao uzima kinajibiwa upesi, mara nyingi mu epizode ya kwanza. Kosa ni la nani, hiyo wanaivuta, wanatia mutu wa uongo katikati, na jibu la kweli linatoka kati ya wale wanaojulikana, hata siku moja si mugeni aliyetoka inje. Na kitu cha tatu, kilicho kizito zaidi: lazima tukio liache kovu. J.R. alipona, lakini alikaa mu kiti cha magurudumu, na Bobby ndugu yake akashika kampuni. Risasi iligeuza nyumba. Mwaka uliofuata, sezoni iliishia na maiti ya mwanamuke ndani ya maji ya pisini ya Ewing. Ulizo ilikuwa "nani alikufa?", na sezoni mupya ikaijibu mu epizode ya kwanza: ni Kristin.

Wakati kovu linakosekana, watu wanasikia wameibiwa. Mwaka 1985, seri Dynasty, iliyokuwa ya kwanza mu Amerika yote, iliishia na ndoa ya mutoto wa Carrington na mwana wa mufalme. Watu wenye bunduki wakaingia mu kanisa, wakapiga risasi pande zote, karibu waigizaji wote wakalala chini. Watu wakangojea tangu mwezi wa tano mupaka wa kenda. Kufungua: wote wakasimama, wawili tu walikufa, na wale walikuwa watu wa kando. Sezoni ile Dynasty ikashuka mupaka nafasi ya saba.

Dallas yenyewe ilianguka mu shimo lile lile. Mu mwezi wa tano 1985 Bobby alikufa, sababu mwigizaji Patrick Duffy alitaka kuacha kazi. Mwaka mmoja nyuma akakubali kurudi. Watafanya namna gani na mutu waliyezika? Mu mwezi wa tano 1986, Pam bibi yake anaamuka, anasikia maji, anafungua mulango wa bafu: Bobby iko anaoga. Mu mwezi wa kenda wakaeleza: sezoni yote iliyopita ilikuwa ndoto ya Pam. Ndoa, vifo, machozi ya mwaka muzima, vyote vikafutwa. Tena Knots Landing, seri ndugu ya Dallas, ilikuwa imelia kifo cha Bobby, na yenyewe haikufuta kitu: kule Bobby akabakia maiti. Kisha pale, kila risasi mu Dallas ilikuwa nyepesi, sababu mutu aliweza kujisemea: pengine mutu analala.

Basi siku ingine mutoto akiuliza "Papa, alikufa?", usimujibu kwa kuangalia damu. Muulizane kwanza: nani alikuwa na sababu ya kufanya vile, na kama yule aliyeanguka anapona, nini itabadilika mu nyumba yake? Kama kuna majibu mengi ku ulizo ya kwanza, mwandishi alijua kazi yake, na muuaji mumekwisha kumuona. Kama hakuna jibu ku ya pili, mutu yule atasimama mu dakika kumi za kwanza, apanguse nguo, na muliyongojea miezi mitano yataisha vile.