Barua ya Sifa Inayokubali Kukaguliwa

Semina ikiisha, mkufunzi huomba chama cha ushirika kimwandikie barua ya kuonyesha kwingine atakakoomba kazi. Nyingi ya barua hizo husema mafunzo yalikuwa mazuri na wanachama walifurahi. Maneno hayo hata mkufunzi mbovu huandikiwa, kwa hiyo msomaji hana cha kushika.

Tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa mahindi kilichofundishwa kukausha na kuhifadhi nafaka. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, kwa kuwa mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu mwingine huleta sumukuvu. Katibu aanze kwa kutaja kilichofundishwa: "Alituonyesha kutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, kutikisa, kisha kuiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi juani." Mwenye ujuzi akisoma hapo atajua kwamba somo lilikuwa la vitendo.

Yafuate matokeo, na hapa ndipo barua nyingi huteleza. Kusema "mwaka jana magunia mengi yalikataliwa, mwaka huu machache" hakutoshi, maana huenda jua lilikuwa kali zaidi wakati wa mavuno. Ni afadhali kulinganisha watu wa msimu mmoja. Tuseme daftari la mapokezi ghalani linaonyesha kuwa waliohudhuria walileta magunia 200, yakarudishwa 8 kwa unyevu. Wasiohudhuria walileta 180, yakarudishwa 27. Hiyo ni asilimia 4 dhidi ya 15, na jua lilikuwa lile lile. Bado msomaji anaweza kusema kwamba waliojitokeza ndio wachapakazi tangu zamani. Kwa hiyo barua itaje pia magunia ya makundi yote mawili yaliyorudishwa msimu uliotangulia semina. Kama wakati huo walikuwa sawasawa, hoja hiyo inakosa nguvu.

Bei iachwe nje. Ikipanda, soko ndilo limeipandisha, na mkufunzi akisifiwa kwa hilo msomaji ataanza kutilia shaka hata yale ya kweli.

Kilichoshindikana nacho kiandikwe. Chumvi huonyesha unyevu unaozidi takriban asilimia 15 tu. Mahindi yenye asilimia 14 hupita katika chupa lakini hukwama kwenye mashine ya ghalani. Kama baadhi ya yale magunia 8 yalirudi kwa sababu hiyo, katibu aseme, ili chama kingine kinachomwita mkufunzi kijue kuwa kitahitaji mashine ya kupimia.

Mwisho ziwekwe tarehe za semina, sahihi za mwenyekiti na katibu, muhuri, na sentensi moja inayomruhusu msomaji kuja ofisini kufungua daftari lenyewe.