Pedi Mpya, Kelele Zilezile

Umebadilisha pedi, lakini ukikanyaga breki gari bado linasaga. Vua gurudumu, upitishe ukucha kwenye diski. Ukikwama kwenye mifereji, huenda pedi za zamani zilikwisha kabisa, chuma kikaanza kula diski. Diski huchongwa tu ikiwa itabaki nene kuliko kipimo kilichogongwa juu yake, mara nyingi baada ya herufi MIN TH. Vinginevyo nunua mbili, ya kushoto na ya kulia.

Kisha zikague pedi zilizotolewa, kama fundi hajazitupa. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, huenda pini za kalipa zimeganda au pistoni hairudi. Hilo lisiporekebishwa, pedi mpya nazo zitaisha upande mmoja.