Risasi Hukata Mstari wa Jicho Mara Mbili

Mgeni akifika kambi ya uwindaji wa kitalii huku Tanzania, kabla hajaonyeshwa hata swala mmoja hupelekwa nyuma ya kambi, mahali penye kingo ya udongo na karatasi ya shabaha, akaambiwa apige risasi chache. Wapo wanaoona ni dharau. Bunduki yangu niliiweka sawa nyumbani, husema. Mwindaji bingwa hamkatalii, ila ana swali lake: uliiweka sawa kwa umbali gani? Asipojibiwa hilo, neno "sawa" bado halijamwambia kitu.

Chanzo cha yote ni kwamba darubini ya bunduki haikai ndani ya mtutu. Imefungwa juu yake, na kati ya katikati ya kioo na katikati ya tundu la mtutu huwa na nafasi ya kama sentimita 4. Jicho linatazama kwa njia ya juu, risasi inatoka kwa njia ya chini. Halafu jicho huona kwa mstari ulionyooka kabisa, na risasi haijui kunyooka. Ikishauacha mtutu tu, dunia inaanza kuivuta chini, kama ambavyo ingeivuta ikiwa imeponyoka mkononi.

Tuchukue bunduki moja tuifuate hadi mwisho. Iwe ya .30-06, aina iliyotoka Marekani mwaka 1906, ambayo Theodore Roosevelt alikuwa nayo mojawapo aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda, na ambayo hadi leo wageni wengi huja nayo kwa wanyama wa wastani. Risasi yake iwe ya greni 180, yaani karibu gramu 12, inayotoka mtutuni kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde. Tukiulaza mtutu uelekee mbele moja kwa moja, risasi hiyo itafika mita 100 kwa muda wa kama sehemu moja ya nane ya sekunde, na itakuwa imeshuka karibu sentimita 8 chini ya mstari wa mtutu. Mita 200 itakuwa imeshuka sentimita 32. Mita 300, sentimita 77. Umbali unaongezeka kwa hatua zilezile, lakini mporomoko unazidi kukua, kwa sababu risasi inakaa hewani muda mrefu zaidi na hewa nayo inaipunguzia kasi njia nzima.

Basi mtu akitaka risasi ifike pale jicho linapotazama, inabidi mtutu uinuliwe kidogo kuliko darubini. Kazi ya kuweka ziro ni hiyo: kuipa darubini mwelekeo ambao, ukitazama shabaha moja kwa moja, mtutu ulio chini yake unakuwa umetazama juu kidogo. Kidogo kwelikweli. Kwa bunduki yetu, ikiwekewa ziro ya mita 200, tofauti kati ya mistari hiyo miwili ni kama sehemu moja ya kumi ya digrii. Ni mtu anayemwagilia miche ya mwisho wa tuta kwa mpira wa maji: hauelekezi kwenye mche, anauinua.

Hapa ndipo panapozaliwa hadithi ya vijiweni kwamba risasi ikitoka "hupanda". Risasi haipandi juu ya mstari wa mtutu wake hata unywele mmoja. Tangu inatoka iko chini yake na inazidi kuuacha. Kinachopandwa ni mstari wa jicho, kwa kuwa mtutu umeelekezwa kuuvuka.

Tuifuate risasi ile yenye ziro ya mita 200. Mdomoni mwa mtutu iko sentimita 4 chini ya mstari wa jicho. Inakuja juu, na kwenye mita 25 hivi inaukata mstari huo kwa mara ya kwanza. Watu wengi hawajui kama mkato huo upo. Kwenye mita 50 iko sentimita 3 juu ya pale unapotazama. Mita 100 iko sentimita 6 na nusu juu, na hapo, au mbele yake kidogo tu, ndipo kilele cha safari yake. Mita 150 imeanza kurudi, iko juu kwa sentimita 5 na nusu. Mita 200 inaukata mstari kwa mara ya pili, ikielekea chini, na huu mkato wa pili ndio tunaouita ziro. Kutoka hapo haiinuki tena: mita 250 iko sentimita 10 na nusu chini, mita 300 iko sentimita 27 chini.

Kwa hiyo mtu akisema bunduki yake ina ziro ya mita 200, hasemi kwamba inapiga inapotazama. Anasema mahali ambapo risasi na jicho vinakutana mara ya mwisho. Kwingine kote vimeachana, na mpigaji anatakiwa ajue vimeachana kwa kiasi gani na upande upi.

Sasa irudishe ziro hadi mita 100 uone picha inavyobadilika. Risasi inaugusa mstari wa jicho karibu na mita 50, inasafiri nao kwa juu kwa nusu sentimita tu, na inauacha kwenye mita 100. Kutoka mtutuni hadi hapo haijawahi kuwa mbali na jicho kuliko zile sentimita 4 za mwanzo. Lakini mita 200 imeshaporomoka sentimita 13, na mita 300 sentimita 46.

Ipi bora? Inategemea mahali. Eneo la moyo na mapafu la swala pala, ukilitazama kwa ubavu, tuliweke kwenye duara la sentimita 15. Ukilenga katikati, unaruhusiwa kukosea sentimita 7 na nusu kwenda juu au chini. Kwa ziro ya mita 200, risasi yetu haitoki ndani ya duara hilo hadi mita 235 hivi, bila mpigaji kuinua wala kushusha chochote. Kwa ziro ya mita 100 inatoka kabla ya mita 180. Kwenye mbuga ya wazi kama ya Simanjiro ningechagua ya mita 200 bila kusita. Kwenye miombo, ambako mti unakuzibia kabla hujafika mita 80, sioni faida ya kubeba sentimita 6 za juu zisizo na kazi, na ningebaki na mita 100.

Kazi yenyewe inaanza na bisibisi. Skrubu za pete zinazoshika darubini zikaguliwe, maana iliyolegea itakupotezea risasi nzima za boksi na hutapata jibu. Kisha bolti inatolewa, bunduki inalazwa imara juu ya mifuko ya mchanga, na mtu anachungulia ndani ya mtutu mtupu hadi aione shabaha ya mita 25 katikati ya tundu. Bila kuitikisa bunduki, anazungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba nao uangukie hapohapo. Risasi ya kwanza ikipigwa baada ya hapo itakuwa mahali fulani kwenye karatasi, na kwa mwanzo inatosha.

Kuna wanaoishia hapo. Kwa kuwa mkato wa kwanza uko mita 25, husema, ikipiga katikati kwa mita 25 basi itapiga katikati kwa mita 200. Hesabu ni ya kweli, mkono ndio hauiwezi. Kosa la sentimita 1 kwenye mita 25 linakuwa sentimita 8 kwenye mita 200, na sentimita 1 ni kama upana wa tundu moja na robo ya hizo risasi. Mita 25 ni ya kuingia kwenye karatasi tu.

Shabaha inahamishwa hadi mita 100, zinapigwa risasi tatu za kituo kilekile, kwa utulivu, na mtutu unaachwa upoe. Tuseme matundu matatu yamekusanyika vizuri, na katikati ya kundi iko sentimita 2 chini ya alama na sentimita 4 na nusu kulia. Tunataka ziro ya mita 200, kwa hiyo hapa kwenye mita 100 kundi linatakiwa likae sentimita 6 na nusu juu ya alama, si juu ya alama yenyewe. Toka 2 chini hadi 6 na nusu juu ni sentimita 8 na nusu. Kwenye darubini nyingi za kuwindia, kila mlio mmoja wa kifundo unahamisha risasi milimita 7 hivi kwa mita 100. Basi ni milio 12 kwenda juu na milio 6 kwenda kushoto. Zinapigwa tatu nyingine kuhakikisha, kisha zinapigwa za mita 200 zenyewe, kwa sababu namba za vitabuni ni za bunduki ya mtu mwingine.

Kosa linaloharibu zoezi hili kuliko yote ni kuzungusha kifundo baada ya kila risasi. Tundu moja halisemi chochote. Matundu matatu yaliyokaribiana lakini mbali na alama yanasema darubini ndiyo ya kurekebishwa. Matundu yaliyotawanyika huku na huku yanasema kuna tatizo lingine, ama skrubu, ama mtutu uliochemka, ama bega linaloogopa kishindo, na hakuna kifundo cha kuyatibu hayo. Yakitawanyika, acha vifundo.

Ukibadili risasi, anza upya. Greni 150 na greni 180 hazipigi mahali pamoja kutoka bunduki moja, hata kama boksi zote zimeandikwa .30-06, na kosa linaweza kuwa la pembeni pia, si la juu na chini tu.

Na lipo jambo la karibu kabisa ambalo wenye darubini husahau. Mpigaji amelala nyuma ya jiwe au ameegemea boneti ya gari, kwenye kioo anamwona mnyama vizuri, hakuna kinachomzuia. Lakini mtutu uko sentimita 4 chini ya kioo, na mita moja au mbili mbele risasi bado haijapanda kuukuta mstari wa jicho. Jicho limepita juu ya jiwe, risasi inaingia kwenye jiwe. Ndiyo maana msaidizi anayejua kazi hutazama mdomo wa mtutu kwanza, na mnyama baadaye, kisha humgusa mgeni begani: "Mzee, inua kidogo, utatuvunjia gari."