Mkokoteni Husukumwa na Nini?

Je, mkokoteni unaokwenda kwa mwendo usiobadilika kwenye barabara tambarare una nguvu ya ziada inayouendesha? Hapana. Tuseme una kilo 200, msukumaji anatoa nyutoni 150, na msuguano unauvuta nyuma kwa nyutoni 150 zilezile. Jumla ni sifuri, na mwendo unabaki uleule.

Mbona basi akiuachia unasimama? Hapo ndipo wengi hukosea. Haukusimama kwa kukosa nguvu. Umesimamishwa na nguvu, yaani msuguano uliobaki peke yake. Mkokoteni uliokuwa ukienda mita 1.5 kwa sekunde utasimama baada ya sekunde 2 hivi.

Na akisukuma kwa nyutoni 190? Zile 40 za ziada hazitunzi mwendo, huuongeza.