Kafeini na maumivu ya kichwa ya mfungo

Kadiri mtu anavyokaa macho, ndivyo adenosini inavyozidi kujikusanya kwenye ubongo wake. Kemikali hii hutokana na nishati ambayo seli huitumia mchana kutwa. Ikinasa kwenye vipokezi vyake juu ya seli za ubongo, hupunguza kasi ya seli hizo, na mtu huanza kupiga miayo.

Umbo la kafeini linakaribiana na la adenosini. Huingia kwenye vipokezi vilevile kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli lakini hauzunguki: haileti usingizi, ila imeziba nafasi. Kwa hiyo kahawa haimwongezei mtu nguvu wala haiondoi uchovu. Adenosini inaendelea kurundikana, na kafeini ikipungua, usingizi uliozuiwa hurudi. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini hutoka mwilini kwa takriban saa tano. Akinywa miligramu 100 saa kumi alasiri, saa tatu usiku bado anazo kama 50, na hapo ndipo wengi wanapokosa usingizi bila kujua sababu.

Mwili nao hauachi mambo yaende hivyo siku zote. Vipokezi vikizibwa kila siku, ubongo hujirekebisha, na majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba vipokezi vya adenosini huongezeka. Kikombe kimoja kilichokuwa kikimchangamsha mtu sasa hakitoshi. Kwa mnywaji wa kila siku, sehemu ya uchangamfu wa asubuhi ni kuondokewa tu na uzito ulioletwa na kukosa kafeini usiku kucha.

Adha huja akiacha ghafla, na Ramadhani huidhihirisha vizuri. Tuseme mtu aliyezoea kahawa asubuhi na alasiri amekunywa kikombe cha mwisho saa kumi, siku moja kabla ya mfungo, na kwenye daku akanywa maji tu. Maumivu kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, yaani wakati wowote kuanzia alfajiri hadi alasiri ya siku ya kwanza ya kufunga. Adenosini hutanua mishipa ya damu ya kichwani, na kafeini huibana. Kafeini ikiisha, mishipa hutanuka, damu hupita kwa wingi zaidi, na kichwa huanza kugonga. Uchovu na hasira za haraka huandamana nayo.

Njaa na kiu pia huumiza kichwa, lakini dalili ya kafeini ni hii: kikombe kimoja cha kahawa au chai baada ya futari hutuliza maumivu, mara nyingi ndani ya saa moja. Akiacha kabisa, hali hiyo huisha yenyewe baada ya siku mbili hadi tisa. Njia nyepesi zaidi ni kupunguza kikombe kidogokidogo wiki moja au mbili kabla ya mfungo, ili ubongo upate muda wa kujirudi.